Miguu Ishike Pigo, Mikono Iseme Maneno

Mwambie mtoto wa darasa la pili apige makofi kuufuata wimbo, na hutajua atapiga nini mpaka aanze. Mmoja atapiga kofi kwa kila silabi anayoitamka. Mwenzake atapiga kofi moja kila baada ya muda ulio sawa, maneno yawe mengi au machache. Wote wawili wametii. Shida ni kwamba darasani wako sitini, baadhi wamefuata njia hii na baadhi ile, na anachosikia mwalimu ni vurugu. Hapo wengine hukata tamaa na kusema watoto hawa hawana sikio la muziki, ilhali sikio wanalo. Agizo lenyewe ndilo lililokuwa na maana mbili.

Mtoto wa pili alipiga pigo, yaani ile hatua ya muziki isiyobadilika, inayoendelea hata waimbaji wanaponyamaza. Mtoto wa kwanza alipiga mdundo, yaani mpangilio wa sauti ndefu, fupi na vimya unaokaa juu ya mapigo hayo. Mtoto akishatenganisha viwili hivi mwilini mwake, mengine ya somo la muziki hupata mahali pa kukaa. Asipovitenganisha, atapiga ngoma miaka mitatu akimfuata jirani yake. Kwa hiyo hapa nafuata somo moja tu la dakika 30, la darasa la pili, lenye lengo moja: mtoto aweze kukanyaga pigo kwa miguu huku mikono yake ikipiga mdundo wa maneno.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua pa kuanzia. Ni mchakamchaka. Kiongozi anaimba, wenzake wanaitikia, na katikati ya sauti hizo mbili hupita muda mfupi ambao hakuna anayeimba, lakini miguu haisimami. Mtoto anayekimbia mchakamchaka tayari anashika pigo, ila hajaambiwa. Basi somo lianzie nje, au kati ya madawati kama nafasi ipo, watoto wakitembea mahali walipo, kushoto kulia. Mwalimu apige ngoma moja kubwa, pigo moja kwa kila hatua, kwa dakika mbili hivi. Kisha aache kupiga ghafla, miguu iendelee, na baada ya hatua nane arudi. Akirudi na kukuta miguu iko pale pale anapoangukia mkono wake, darasa liko tayari. Akikuta wametawanyika, arudie kwa kimya kifupi zaidi, cha hatua nne.

Inafaa apige mwalimu mwenyewe, isiwe simu wala kinasa sauti. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Leipzig, Ujerumani, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watoto wadogo wa kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu. Watoto hao walipiga ngoma pamoja na mtu, na pamoja na mashine, na walienda sawa zaidi walipopiga pamoja na mtu. Watoto wa darasa la pili wamewazidi umri hao wa Leipzig, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kulinganisha ameona jambo hilo hilo: mtoto hutazama mkono unavyopanda, na kule kupanda humwambia pigo litaangukia wapi. Spika haina mkono wa kutazamwa.

Miguu ikishatulia, yaje maneno. Kabla ya wimbo wenye sauti za juu na chini, darasa lipewe kibwagizo cha kusemwa tu, kifupi, chenye maneno ambayo kila mtoto anayajua. Hiki nimekitunga kwa kazi hii:

Embe, embe, matikiti,
ndizi, chungwa, du!

Kila mstari una mapigo manne. Neno "embe" lina silabi mbili, nazo zinakaa ndani ya pigo moja, ya kwanza ikiangukia pale mguu unapogusa ardhi. "Matikiti" lina silabi nne, kwa hiyo linachukua mapigo mawili: ma-ti, ki-ti. Mstari wa pili una ndizi, chungwa, kisha "du" ambayo ni sauti moja inayojaza pigo zima, na pigo la nne halina neno lolote. Ubaoni kinachorwa hivi, kisanduku kimoja kwa kila pigo, nukta moja kwa kila kofi:

[ • • ] [ • • ] [ • • ] [ • • ]
[ • • ] [ • • ] [ • ] [ ]

Hesabu ya nukta ni 13 na ya visanduku ni 8, na tofauti hiyo ndiyo chombo cha mwalimu. Atakapomwomba mtoto apige mdundo wa kibwagizo, asikie makofi 13. Atakapomwomba pigo, asikie 8. Hahitaji kukisia kama mtoto ameelewa, kwa sababu makofi yanahesabika.

Mchoro huo lakini usiwahi kuja mapema. Ukichorwa mwanzoni, watoto huhesabu nukta kwa macho na kusahau kusikiliza. Kwanza wajifunze kwa kuitikia: mwalimu anasema mstari wa kwanza huku akiupiga makofi, darasa linaurudisha; kisha mstari wa pili; kisha yote miwili. Wakati darasa linajibu, mikono ya mwalimu itulie. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, maana mkono wa mwalimu hupenda kusaidia, lakini akipiga pamoja nao hatasikia nani amekosea na wao hawatajua kama wanaweza peke yao. Na makofi yawe ya vidole viwili juu ya kiganja. Watoto sitini wakipiga viganja vizima ndani ya chumba cha saruji, mwangwi unameza silabi ya pili ya kila neno, na darasa la jirani halitavumilia hata dakika tano.

Kinachofuata ndicho kiini cha somo. Miguu inaanza kutembea mahali ilipo, mwalimu anahesabu "moja, mbili, tatu, nne" kwa mwendo huo huo, na darasa linaingia na kibwagizo, mikono ikipiga kila silabi. Hatua 8, makofi 13, kwa mwili mmoja. Kuhesabu huko si kwa ajili ya adabu tu ya kuanza pamoja. Kila moja ya namba hizo nne, kwa Kiswahili, ina silabi mbili, kwa hiyo mwalimu anapohesabu anakuwa ameshawapa watoto pigo pamoja na nusu zake kabla hawajatamka embe la kwanza.

Makosa mawili yatatokea, na yote yanaonekana kwa macho. La kwanza ni la miguu. Mtazame mtoto anayepiga makofi vizuri kabisa, halafu shusha macho: kila silabi inakanyagwa. Mguu umeanza kufuata mdomo, na sasa anakanyaga mara 13. Nimemwona mvulana mmoja wa miaka minane akifanya hivyo kwa juhudi kubwa, kijasho kikimtoka, visigino vikigonga sakafu kwa kila ma na kila ti, naye ana hakika yuko sawa kwa sababu mguu na mkono vinakubaliana. Kumwambia "punguza" hakumsaidii mtoto wa namna hii. Kinachomsaidia ni kukuza mwendo wa chini. Badala ya kukanyaga, ayumbe mwili mzima, uzito uhame kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia. Mwili mzima hauwezi kuhama mara mbili ndani ya pigo moja kwa urahisi, na hivyo hulazimika kubaki kwenye pigo lenyewe. Yule mvulana niliomba aweke kiganja ubavuni mwa ngoma kubwa wakati mwenzake anaipiga, autambue mtikisiko wake, kisha ayumbe kuufuata. Maneno yaliongezwa baadaye, makofi mwisho.

Kosa la pili ni la kile kisanduku kitupu. Baada ya "du" kuna pigo moja la kimya, na darasa ambalo halijalishika pigo litaliruka: litasema "du" na papo hapo kuanza "embe" upya, hivyo mstari wa pili unakuwa na mapigo matatu. Mwalimu asikilize hapo kuliko mahali pengine popote. Dawa yake si kupiga kofi la kujazia, kwa sababu likishapigwa kimya kinakuwa kimekufa. Watoto wafungue viganja vyao kwenda pembeni pale kwenye pigo la nne, mwendo unaoonekana usio na sauti, huku miguu ikiendelea kama ilivyoendelea kwenye mchakamchaka. Baada ya mizunguko kadhaa viganja vinaweza kutulia, na kimya kitabaki mahali pake.

Mwendo nao una namna ya kupimwa bila kifaa chochote zaidi ya saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ambao watoto wa umri huu wanautembea bila kuchoka, kibwagizo kizima cha mapigo 8 huchukua sekunde 5. Mizunguko minne ni sekunde 20. Mwalimu aanze mshale ukiwa juu, na atazame uko wapi mzunguko wa nne ukiisha. Ukiwa kwenye sekunde ya 16, darasa limekimbia mpaka mapigo 120. Madarasa mengi hukimbia, hasa sauti zinapopanda, kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuwataka waseme kwa kunong'ona. Mtoto anayenong'ona husikia miguu ya wenzake.

Sasa ngoma. Shule nyingi zina mbili au tatu tu, na mara nyingi zimekaa stoo tangu mahafali yaliyopita. Ngozi iliyolala mahali penye unyevu hulegea na kutoa sauti iliyofifia. Iwekwe juani wakati wa mapumziko, au karibu na moto wa jikoni bila kuusogelea sana, na itakaza. Pasipo na ngoma kabisa, ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyofunikwa kifudifudi inatoa sauti nzito ya kutosha, na debe linatoa ile nyembamba. Muhimu ni kwamba sauti mbili zitofautiane, kama ilivyo kwa wapigaji wa pwani wenye vumi linalonguruma chini na chapuo linalosema juu yake. Ngoma kubwa ishike pigo, ndogo iseme maneno. Kile kilichokuwa miguuni na mikononi mwa mtoto mmoja sasa kimegawanywa kwa watoto wawili.

Mtoto aonyeshwe mahali pawili tu pa kupiga. Katikati ya ngozi, kwa kiganja bapa, panatoka sauti nzito. Ukingoni, kwa vidole, panatoka kali. Na mkono uruke mara tu unapogusa. Wanaoanza hubandika kiganja juu ya ngozi kana kwamba wanaizuia isianguke, na sauti inakufa hapo hapo. Ukisikia "dup" badala ya "duum", tazama kiganja.

Watoto sitini na ngoma mbili inatisha kwenye karatasi tu. Wapange wawili wawili kwenye mstari. Jozi ya kwanza inapiga mzunguko mmoja, sekunde 5, darasa zima likisema na kuyumba. Mzunguko unaofuata hausikiki ngoma, darasa linasema peke yake, na ndani ya sekunde hizo 5 jozi inaondoka na nyingine inakaa. Jozi 30 kwa sekunde 10 kila moja ni dakika 5. Hakuna aliyekaa bure, kwa sababu darasa ndilo linalobeba pigo wakati ngoma zinabadilishana wapigaji, na mwalimu amesikia kila mtoto mara moja. Ila asiwakatize kuwasahihisha. Jozi ikipotea, darasa liendelee, na anayepotea arudi mwisho wa mstari kwa zamu ya pili. Mzunguko ukisimama kwa ajili ya mtoto mmoja, pigo linapotea kwa wote, na kulirudisha kunakula dakika ambazo hazipo.

Dakika za mwisho ni za kuimba. Kibwagizo kile kile kivikwe sauti tatu tu, so, mi na do, zile za solfa ambazo wanakwaya wanazijua: embe kwenye so, embe la pili kwenye mi, mati kwenye so, kiti kwenye mi, ndizi kwenye so, chungwa kwenye mi, na "du" ishuke mpaka do. Nimeiweka sauti baada ya mdundo kwa sababu moja. Mtoto anapoimba huvuta silabi ya mwisho ya mstari kwa raha ya sauti yenyewe, na "du" hurefuka mpaka kile kisanduku kitupu kinajaa. Akikutana na kimya kabla ya kuimba, anajua kwamba kuna kitu pale cha kulindwa. Mwalimu mwanamume aanze juu ya sauti yake ya kuzungumzia, vinginevyo watoto watanguruma wakimtafuta huko chini, na wakinguruma hawasikii tena pigo.

Namna hii ya kujenga mdundo kutokana na maneno ya lugha ya mtoto ina wazee wake. Carl Orff, mtunzi Mjerumani, aliifanyia kazi mjini Munich tangu shule ya Günther ilipofunguliwa mwaka 1924, akitumia majina, mashairi ya watoto, makofi na ngoma. Hungaria nako, wafuasi wa Zoltán Kodály walieneza silabi za "ta" kwa pigo zima na "ti-ti" kwa pigo lililogawanyika mara mbili, na bado zinafundishwa katika vyuo vingi vya ualimu. Sina ugomvi na silabi hizo. Lakini vitabu vinavyozitumia kwa kawaida huanza na ta, sauti moja kwa pigo moja, na Kiswahili hakina maneno mengi ya silabi moja ya kuwekea hapo. Mtoto wetu anaanza na mama, baba, embe, chungwa. Pigo lililogawanyika mara mbili ndilo la asili kwake, na sauti moja ndefu ndiyo ya kufundishwa, ndiyo maana "du" imekaa mwishoni mwa kibwagizo na si mwanzoni.

Tofauti hiyo inakuwa kubwa zaidi kwenye maneno ya silabi tatu, na hayo niliyaepuka kwa makusudi katika somo la kwanza. Chukua papai. Uzito wake uko kwenye silabi ya katikati, pa-PA-i, kwa hiyo mguu unatakiwa ukanyage kwenye PA ya pili, na ile ya kwanza isemwe kabla ya pigo. Karanga ni hivyo hivyo, na nanasi, na Rehema, na Baraka. Mtoto akiambiwa aingie na "papai tamu" baada ya kuhesabiwa nne, atasubiri hesabu iishe ndipo aanze, na mguu wake utakanyaga silabi isiyo na uzito. Neno litasikika geni na watoto wenyewe watacheka. Pa ya kwanza inapaswa iangukie pale ambapo silabi ya pili ya "nne" ingekuwa. Mwalimu ahesabu moja, mbili, tatu, kisha aseme nusu tu ya nne na kuiachia darasa nusu iliyobaki.

Somo la pili lichukue neno hilo hilo na kulirudia bila kupumua: papai-papai-papai-papai. Uzito sasa unarudi kila baada ya silabi tatu, na pigo ambalo jana liligawanyika mara mbili leo limegawanyika mara tatu. Weka ngoma kubwa kwenye kila PA na ndogo kwenye silabi zote tatu, na watoto wengi watatikisa mabega bila kuambiwa, kwa kuwa mgawanyo wa tatu umejaa katika ngoma wanazozisikia harusini na kwenye sherehe za nyumbani. Jihadhari na pumziko moja: darasa linapenda kutulia kidogo baada ya kila papai, na pumziko hilo likiingia, silabi tatu na kimya kimoja vinakuwa vinne na mwendo wa ngoma unatoweka. Ukilisikia, ongeza kasi kidogo mpaka maneno yashikane, kisha shusha polepole.

Kuweka embe na papai pamoja, kundi hili likigawa pigo mara mbili na lile mara tatu kwa wakati mmoja, ni kazi ya darasa la nne au la tano. Wa darasa la pili wakijaribu, kundi lenye sauti kubwa hulimeza jingine ndani ya mizunguko miwili. Wanaloweza ni kubadilisha kwa ishara: mizunguko minne ya embe, mwalimu anainua mkono, mizunguko minne ya papai, na ngoma kubwa chini yao haibadiliki hata kidogo. Mpigaji wa ngoma hiyo awe mtoto, na mwalimu akae nyuma ya darasa ambapo mkono wake hauonekani.